Kumtambulisha Mama Mtori

Sina subira na mtu anayesimama kumtambulisha mgeni, kisha akaanza kujisifu mwenyewe. Ndiyo maana akina mama wa usharika mmoja wa Old Moshi waliponiomba nimtambulishe mkunga kwenye mkutano wao, nilikubali kabla hawajamaliza kuomba. Nilijisemea moyoni, leo watajua kazi hii inafanywaje. Nilikuwa mwalimu, ulimi ninao, na huyo mkunga tulilala bweni moja tukiwa wasichana.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, Mwingereza bado yupo. Zahanati ya pale ilikuwa imepata chumba cha kuzalia, kina vitanda na mashuka meupe, lakini wanawake hawaendi. Walizalia nyumbani kama mama zao, na wapo waliofia huko huko. Mkunga alikuja kuwaomba waende. Yeye mwenyewe alikuwa ameolewa pale pale, kwa hiyo wakwe zake wote wangekuwepo.

Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu. Ningeanza na jina tulilompa bwenini, Mama Mtori, wenzetu wa shule wacheke, ukumbi upate moto. Lakini nina desturi moja ambayo siiachi: kabla ya kumsema mtu mbele za watu, namuuliza mwenyewe anataka asemwe nini. Nikamfuata chumba cha nyuma cha kanisa, nikamkuta amekaa kwenye kiti ameshika mikono yake miwili.

Akasema nitaje kazi yake, nitaje ukoo wake na nyumba aliyoolewa, basi. Kisha akaniangalia.

"Lile jina la bweni liache, dada. Sijazaa."

Nilikuwa nafundisha Sanya Juu, mbali na habari za pale, sikujua. Akanieleza polepole. Miaka inakwenda, mtoto hajapatikana, na mawifi wameanza kunong'ona. Wanawake kijijini nao wanaulizana atawafundishaje kuzaa mtu ambaye hajazaa. Nikamuuliza mama mkwe wake anasemaje. Akajibu kwamba hasemi kitu, na hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Nilikasirika, kwanza kwa ajili ya hotuba yangu iliyokufa ghafla, halafu kwa ajili yake. Mlimani kwetu mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, ni chakula cha mzazi. Mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi, mama mkwe anampikia mtori mpaka anawiri. Kumwita Mama Mtori mtu anayelia kwa kukosa mtoto, mbele ya mkwe wake, ni kumpiga kofi hadharani. Nikayatupa yote niliyopanga, nikatoka mikono mitupu.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo pia akina mama waliotoka Marangu, na kwa kuwa Kichagga chao na cha Old Moshi havielewani vizuri, mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili. Benchi la mbele alikaa mama mkwe, mwanamke mrefu mwenye kilemba cheupe, mawifi wawili kulia kwake. Nikawaamkia wazee shikamoo, nikamwamkia na yeye peke yake, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Uso wake haukunipa kitu.

Nikaanza. Nikasema mgeni wetu si mgeni, ni binti wa ukoo wa juu kule kwenye mifereji na mke wa nyumba hii mnayoijua. Nikaeleza amejifunza nini na wapi. Nilisikia maneno yangu yanatoka makavu kama ugali wa jana. Wanawake waliniangalia tu. Nilijua nikimwacha asimame kwenye baridi ile, wangemsikiliza kwa adabu, wangesema asante, na wangeendelea kuzalia nyumbani.

Nikiwa natafuta neno, mke wa mwinjilisti, mwenzetu wa bwenini, akachoka kungoja. Alikuwa nyuma kabisa. Hakujua lolote, maskini, alitaka kunisaidia.

"Mwalimu, mbona husemi? Huyo si Mama Mtori wetu!"

Wenzetu watatu wanne wakacheka. Waliobaki wakasikia kile ambacho Mchagga yeyote angesikia: kwamba mke wa nyumba ile hatimaye ana mimba. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akapokea. Ukumbi mzima ukawaka vigelegele, na watu wakanyoosha shingo wamtazame mgeni tumboni.

Mgeni aliinamisha kichwa. Mawifi wakatazamana. Mama mkwe akageuka taratibu, akawaangalia wanaoshangilia, kisha akanigeukia mimi. Kunyamaza ilikuwa kusema uongo. Kukanusha ilikuwa kutangaza utasa wa mtu mbele ya wakwe zake. Nilimlaani mke wa mwinjilisti, Mungu anisamehe, tena kanisani kwake.

Nikainua mkono mpaka vigelegele vikafa.

"Akina mama, jina hilo ni la shule, na si haki tucheke wachache wakati wengine hamjui tunachekea nini," nikasema. "Ngojeni niwaeleze."

Nikaeleza. Bwenini msichana akiugua, hakuna mama wa kumhudumia. Huyu alikuwa akienda jikoni kuomba ndizi na kipande cha nyama, anapika, anaponda mpaka vinalainika, anamlisha mgonjwa kwa kijiko. Mimi mwenyewe alinilisha nilipokuwa na homa, nikamtukana kwa kuwa mtori ulikuwa wa moto. Hapo wachache wakatabasamu. Nikasema jina hilo hakulipata kwa kula, alilipata kwa kupika, na mkono huo huo ndio utakaowapokea zahanati.

Nilikuwa nimesema kweli, lakini haikutosha. Niliona kwenye nyuso zao: sasa wameelewa kwamba hakuna mtoto. Minong'ono ikaanza upande wa Marangu, ikaja mbele. Ningefanya nini? Nikageuka nimwite mgeni, aje ajitetee mwenyewe.

Mama mkwe akasimama.

Minong'ono ikakatika. Alisimama akajishika kwenye benchi, maana mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Nilidhani anaondoka. Nilidhani anaondoka na mawifi wale wawili, na mbele ya macho yangu mkutano umekwisha na rafiki yangu amekwisha. Mkunga naye alidhani hivyo, kwa sababu aliinuka nusu, kama anayetaka kumzuia au kumsindikiza.

Mama mkwe hakumtazama. Aliwatazama wanawake wenzake.

"Mtori, mimi ndiye wa kumpikia yeye," akasema. "Mungu hajaniita kwenye kazi hiyo. Nilipoanguka shambani nikavunjika huu mguu, yeye ndiye aliyenipikia mimi, akanilisha, akaniogesha. Wanangu niliowazaa mwenyewe walipita mlangoni wakiuliza hali."

Mawifi wakatazama chini.

"Kwa hiyo mimi nimezaliwa mikononi mwake, mzee hivi. Anayetaka kuuliza amezaa nani, aniulize mimi."

Akakaa. Nilikuwa bado nimesimama pale mbele kama kigingi, mtambulishaji asiye na cha kuongeza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifunga mdomo bila kuambiwa. Nikaenda kukaa.

Mkunga alisimama. Alijifuta macho kwa kiganja. Mwanamke mmoja wa Marangu, mimba yake kubwa imemkaa juu, akanyoosha mkono kabla hotuba haijatoka, akauliza kama huko zahanati mama mkwe anaruhusiwa kuingia na sufuria ya mtori.