Macho Yake Chini ya Rangi

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, hapa Sumbawanga mjini. Tuko wawili, mimi na mshikaji wangu ninayechangia naye chumba na kompyuta.

Harusi moja hupigwa mahali pengi: kanisani, nje kwenye jua, ukumbini chini ya taa za kila rangi. Ukiunganisha vipande hivyo kama vilivyo, utadhani ni harusi tatu. Kwa hiyo tunachagua picha moja iliyotoka vizuri, kwa kawaida ya bibi harusi, na kuifanya kuwa mfano. Programu inapima mwanga na rangi za picha hiyo, kisha inavuta kila kipande kiifuate. Kabla ya hapo mtu anatakiwa kusawazisha kipande kimoja kimoja kwa mkono, nyeupe iwe nyeupe. Sisi tukiwa na haraka tunaruka hatua hiyo.

Mdogo wake mke wangu aliolewa Matai. Nilipiga mwenyewe, nikahariri mwenyewe. Mke wangu ndiye aliyemsimamia bibi harusi, kwa hiyo yumo karibu kila mahali. Nakumbuka niliona macho yake yana umanjano kwenye kioo cha kompyuta.

"Kamera yako hiyo, kaka," mshikaji akasema. "Imekunywa chai ya rangi. Mpe picha ya bibi harusi, wote watapendeza."

Nikaweka picha ya mfano. Umanjano ukaondoka. Nikaongeza nguvu kidogo, macho yakawa meupe kama ya mtoto. Nilifurahi, nikahamia kipande kinachofuata.

Miezi michache baadaye mke wangu alilazwa. Ini. Daktari hakutulaumu, alisema tu kwamba tumefika tukiwa tumechelewa. Tulimzika kwao Matai, upepo ukipuliza vumbi hadi ndani ya kaburi.

Mwaka tangu mazishi ulipokaribia kuisha, mama mkwe aliomba video ya kuonyesha baada ya misa ya kumbukumbu. "Weka ile aliyocheza kwenye harusi ya mdogo wake," aliniambia kwenye simu. "Pale alikuwa mzima."

Nilikusanya vipande vya simu za ndugu, nikafungua tena kazi ya ile harusi. Safari hii nilitaka picha ya mfano iwe yake, siyo ya bibi harusi, kwa hiyo nikazima rangi ya zamani. Vipande vya asili huwa vinabaki chini, havifutiki.

Umanjano ukarudi. Nikatafuta kipande cha nje, jua la mchana, mke wangu amesimama ameshika shela. Gauni la bibi harusi lilikuwa jeupe kabisa. Macho yaliyokuwa shubiri moja kutoka kwenye gauni hilo yalikuwa ya njano. Kama kosa lingekuwa la mwanga au la kamera, na gauni lingekuwa la njano. Hili analijua hata mwanafunzi wa wiki moja. Mimi niliyaangalia macho hayo siku nzima, nikayapaka rangi.

Mshikaji alisimama nyuma yangu. Safari hii hakutania.

Nilitengeneza video kwa rangi moja nzuri, kisha nikapanda basi kwenda Matai siku mbili kabla ya misa. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda. Umeileta?"

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha ile nzuri. Alitabasamu binti yake alipocheza. Kisha nikamwambia, mama, kuna jambo, nikaizima rangi.

Alisogea karibu na kioo. "Hii ni lini?"

"Siku ile ile, mama."

"Na wewe uliona?"

"Niliona. Nikadhani ni kamera. Nikayafanya meupe."

Nje mtu alikuwa anapukuchua mahindi, nilizisikia punje zikianguka kwenye beseni.

"Nilikaa naye meza moja," alisema mwishowe. "Nikasema ni uchovu wa shughuli." Nilipotaka kujibu alininyamazisha kwa mkono. "Watu waonyeshe ile nzuri. Hii kaa nayo wewe. Usimwonyeshe mtu."

Baada ya misa tuliionyesha ukutani, kwenye shuka. Vipande vyote vilifanana, kama vimepigwa siku moja. Shangazi yake mmoja alisema kwa sauti, "Jamani, kumbe alikuwa na afya hivi!" Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anaangalia chini.

Siku hizi siruki hatua yoyote. Nasawazisha kila kipande kwa mkono, mshikaji analalamika kuwa nachelewesha kazi. Ile nyingine, isiyopakwa rangi, ipo kwenye kompyuta. Sijamwonyesha mtu.