Kadi Yenye Sauti Zisizo na Majina

Wiki sita kabla ya mtihani wa Kiingereza, mwalimu aliniomba simu yangu, akafuta rekodi zangu zote za mazoezi. Alikuwa jirani yangu hapa mtaani Mfaranyaki, mwalimu wa sekondari, mtu wa Mbinga. Alikubali kunifundisha kila Jumamosi asubuhi kwenye kibaraza chake huku akichambua maharage. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili nje ya nchi kwa sharti moja: nifikishe alama zinazotakiwa, na sehemu iliyokuwa ikiniangusha ni ya kusikiliza.

Nilikasirika. Rekodi zile nilizisikiliza kila siku, na kwa wiki mbili alama zangu zilikuwa zimepanda kutoka ishirini na tano hadi thelathini na nane kati ya arobaini. Nikamwambia hivyo, nikamwuliza kuna ushahidi gani kwamba njia yake ni bora.

"Hakuna," alisema. "Tupime."

Akaniwekea rekodi ambayo sikuwahi kuisikia, ya ugumu uleule, ikapigwa mara moja tu kama ilivyo kwenye mtihani wenyewe. Nilipata ishirini na mbili. Msemaji alikuwa Mwaustralia. Nilipokuwa bado nabishana kichwani na sentensi yake ya kwanza, yeye alikuwa ameshapita maswali matatu.

"Sasa msomi," alisema mwalimu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "zile thelathini na nane zilikuwa za sikio au za kumbukumbu?"

Nilichokuwa nimekariri kilikuwa majibu, tena kwa sauti ya bwana mmoja tu, aliyesoma rekodi zote kama mtangazaji wa redio.

Alinipa memori kadi. Ndani yake mlikuwa na rekodi alizokusanya kwa miaka: mahojiano, mihadhara, watu wakielekezana njia, Waskoti, Wamarekani, Wahindi, watu wa New Zealand. Faili hazikuwa na majina, namba tu, ili nisijue anakuja nani. Masharti yalikuwa machache. Nisikilize mara moja bila kusimamisha, nijibu, nisahihishe. Ndipo nifungue maandishi ya mazungumzo, nitafute mahali nilipopotea, nirudie kipande hicho hadi nikisikie, kisha nikitamke kwa kumwigiza msemaji. Kesho yake, sauti nyingine.

Kuigiza kuliniudhi. Nilimwuliza mtihani wa kusikiliza unahusianaje na mdomo wangu. Akasema nijaribu tu, nisipoona tofauti niache. Kwa hiyo niliburuza "r" kama Mskoti nikifua nguo, na mpangaji mwenzangu akamwuliza mwalimu kama naumwa. Lakini baada ya siku chache, ile "t" ya Wamarekani inayolainika katikati ya neno, ambayo kwangu ilikuwa ikipotea kabisa, nilianza kuisikia.

Mwalimu mwenyewe aliwahi kusoma mwaka mmoja Uskoti. Alikwenda akiwa na alama za juu za Kiingereza, akakaa wiki nzima akiitikia kwa kichwa kila alichoambiwa na mama mwenye nyumba, bila kuelewa chochote. Alinisimulia akicheka, lakini nilielewa kadi ile ilianzia wapi.

Jumamosi ya mwisho nilimpa swali lililokuwa likinikera. Kama nimezoea lafudhi saba, zitanisaidia nini ikija ya nane?

"Sijui, mdogo wangu," alisema. "Mpe msemaji sentensi mbili za kwanza, usishindane naye. Yawezekana sikio litamfuata."

Nilikuwa nimezoea walimu wanaojua kila kitu, na sikuwa nawaamini. Huyu aliyesema "sijui" nilimwamini.

Mtihani niliufanyia Dar es Salaam. Sehemu ya tatu alianza kuzungumza mwanamke mwenye lafudhi ambayo hadi leo sijui ni ya wapi. Swali la kwanza likapita tupu. Sikulifuata; nilimwachia sentensi zake mbili, nikitazama tu swali lililofuata kwenye karatasi. Kufikia swali la tatu nilikuwa naandika.

Alama zilipotoka zilikuwa zimefika kiwango kilichotakiwa, na nusu alama ya ziada. Nilikwenda moja kwa moja kibarazani, nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha simu. Alizitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza nilipoteza wapi, nami nikamsimulia juu ya yule mwanamke. Nilijaribu kushukuru, maneno yakaja vibaya, akaniokoa kwa kudai kadi yake. Kulikuwa na muuguzi kutoka Tunduru aliyekuwa akiisubiri.

"Huko uendako," alisema akiitia kwenye kipochi, "ukikutana na mtu anayeongea kama yule, mwombe ruhusa umrekodi. Huyo hatunaye kwenye kadi."

Naondoka mwezi ujao. Nimeshanunua kadi tupu.