Shati la Mshauri

Miaka ile ya uasi, benki za Kisangani zilikuwa zimefungwa. Malipo ya mwisho ya papa, baba yangu, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, yalikuwa yamezikwa chini ya mafiga jikoni kwetu, mtaa wa Tshopo. Wazazi wangu hawakuwa na kitu kingine cha kuwalisha uzeeni. Kila buti la askari lililopita nje lilinikausha mate.

Ndipo akaja mshauri. Zamani alikuwa karani wa benki, mtu wa sauti ya upole, na sasa aliwaelekeza watu mahali pa kuweka akiba. Alikuwa ameshamletea papa shati jipya, shukrani kwa kuwa papa alimpeleka kwa jirani yetu mjane, naye mjane akampa akiba yake. Sasa ikawa zamu yetu. Kuna ofisi ya mnunuzi wa almasi, akasema: unaweka pesa mwaka mzima, faida unapokea kila mwezi.

«Na mimi, papa, siombe hata franga moja.»

Papa akatabasamu. Mama, wapi, hakudanganyika! Yeye aliuza vitenge, na soko zima linamjua komisionere: anakushika mkono barabarani, anakufikisha dukani bure, kisha anarudi kwa mlango wa nyuma kuchukua chake kwa mwenye duka. Na hicho chake kimo ndani ya bei uliyolipa wewe.

«Bon. Kama sisi hatukulipe, njo nani anakulipa?»

«Ah, mama, bureau inanipatiaka kitu kidogo.»

«Kidogo namna gani?»

Alimbana mpaka akasema. Sehemu moja ya kumi ya kila pesa anayoleta ni yake. Na ukitaka kutoa zako kabla ya mwaka, wanakata robo. Asingeulizwa, asingesema.

«Na mbongo, pesa yako wewe, mutoto yangu, iko kule?»

Alitazama mikono yake. «Yangu iko kwa mama yangu, kule kijiji ya Bengamisa.»

Papa akasema tutafikiri. Mshauri alisimama, akasema polepole kwamba patron, mwenye ofisi ile, ni rafiki wa komanda wa waasi, na komanda hapendi watu wanaoficha mbongo ndani ya nyumba. Sasa alijua tunayo.

Mama alifukua zile pesa siku hiyohiyo, akazigawa, nyingine kwa dada yake, nyingine sijui wapi mpaka leo. Tukabaki kusikiliza mlango. Mbwa akibweka, papa anaacha kutafuna. Hakuja mtu.

Aliyekuja, miezi michache baadaye, alikuwa jirani yetu mjane, mikono kichwani. Ofisi imefungwa. Patron amepanda ndege, mshauri haonekani.

«Papa, wewe njo ulimuleta kwangu!» alilia. «Nilimuamini juu yako!»

Papa alikuwa amevaa lile shati la shukrani. Mama alilitazama, kisha akamtazama yeye, kwa macho yale anayomtazamia komisionere. Papa akaanza kufungua vifungo pale pale uani, na mimi nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa buti lolote.