Jipu Lisilotumbuliwa

Nilipoondoka kwenda kusomea utabibu, majirani walisema nitarudi Kiranjeranje na redio mkononi na deni mgongoni. Mjomba wangu, kaka wa mama, alisema zaidi: kwamba mtu anayeogopa damu ya kuku hawezi kuwa tabibu. Halafu akauza korosho zake akanikopesha ada. "Mimi usinilipe pesa," alisema. "Siku nikiugua, unitibu." Majirani nao walinikopesha kidogo kidogo, huku wakicheka.

Nilibeba magunia sokoni Dar es Salaam na kusoma hadi nikapata stashahada ya utabibu. Mitihani sikuvushwa na mtu. Nikarudi nyumbani nikiwa na koti jeupe, nikapangiwa hospitali ya wilaya. Waliocheka sasa huniamkia wao kwanza, hata walionizidi umri.

Mjomba aliletwa akiwa amejikunja upande wa kulia, homa kali, na chale mbichi za wembe juu ya mbavu. Mganga alikuwa amemwambia ni bandama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Fanya haraka, mimi kuku wako nakufa."

Nilipogonga taratibu chini ya mbavu za kulia, alinishika mkono asiniachie. Bandama iko kushoto. Nikamuuliza kama aliwahi kuharisha. Miezi ya nyuma, akasema, kidogo. Uraka je, ile pombe ya mabibo ya korosho?

"Mimi Muislamu."

"Sikuuliza dini, mjomba."

Akatazama dari. "Msimu wa mabibo tu."

Ultrasound ilionyesha shimo moja, upande wa kulia wa ini, kubwa kama limau. Sukari ilikuwa sawa, macho hayakuwa ya manjano, na hakuwa amefika hamsini. Choo hakikuonyesha amiba, lakini choo kuwa safi hakumaanishi amiba hayupo kwenye ini. Kipimo cha damu cha amiba hatukuwa nacho. Daktari wa zamu aliniuliza ninaonaje. Nikasema amiba, na dawa ni metronidazole peke yake, bila sindano ya kunyonya usaha. Akakubali, kwa sharti kwamba homa isipoanza kushuka ndani ya siku tatu, au dalili zikibadilika, tutanyonya usaha tuuone na kuongeza dawa za bakteria.

Nilipotoka kuwaeleza ndugu, nilitamka neno jipu. Mke wa mjomba, ambaye namwita shangazi, akalishika hapo hapo.

"Jipu hutumbuliwa, baba. Tangu lini jipu likanyweshwa vidonge?"

Balaa ni kwamba kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mwenye sukari, macho ya manjano, akitetemeka kwa homa, na ini lake lina mashimo kadhaa. Majipu yale yalikuwa ya bakteria. Alikuwa na mpira ubavuni unaotoa usaha unaonuka, na dawa kali zikipita kwenye mshipa.

"Yule kawekewa mpira," shangazi alisema. "Wetu kapewa vidonge. Yule ana nini, duka?"

"Ana bakteria, shangazi. Usaha wa bakteria hauishi kwa dawa peke yake, lazima utolewe. Wa mjomba ni ini lililoyeyushwa na amiba. Dawa ikiwafikia amiba hao kwa njia ya damu watakufa, na mwili utafyonza kilichobaki, taratibu. Kumtoboa bila sababu ni kumfungulia mlango bakteria. Lingekuwa kubwa sana, au liko kushoto karibu na moyo, ningeomba atobolewe leo hii."

"Ukikosea?"

"Nikikosea, mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia mama yangu."

Siku mbili homa haikusogea. Mjomba alilalamika mdomo una ladha ya sarafu, na shangazi hakunisalimia. Nilimgusa paji kila nilipopita wodini, nikijifanya nanyoosha shuka. Sindano ya kunyonya ilikuwa tayari kwenye trei.

Asubuhi ya siku ya tatu shuka lilikuwa limelowa jasho, paji limepoa. Mjomba alikuwa amekaa.

"Mpwa, huku hampiki kisamvu?"

Shangazi alinitazama, akaketi sakafuni, akaanza kulia kimya kimya. Alhamdulillahi, ndilo neno alilolirudia.

Mjomba alimaliza metronidazole, kisha akapewa dawa nyingine ya kusafisha amiba waliojificha utumboni. Nilimwonya kwamba kivuli kitabaki kwenye picha kwa miezi, asikimbilie kwa mganga.

Nawashukuru wote walionikopesha, hata wale waliokopesha huku wakicheka. Msimu wa korosho uliofuata nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikamlipa kila mmoja mbele ya watu wake, maana nilitaka waone. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjomba. Aliisukuma bahasha yangu kwa kidole hadi ukingoni mwa mkeka.

"Mimi ulishanilipa kule wodini," alisema. "Hii mpe shangazi yako. Anasema kwa jipu lisilotumbuliwa, anadai fidia ya machozi."

Shangazi akaipokea.