Unga Uliovunjika

Atija binti Buanali namjua tangu utotoni, na naapa sijawahi kumwona akimbishia mtu. Ukimwambia simama, anasimama. Siku pekee aliyobisha, nilikuwepo. Mimi Ancha, muosha masufuria wa jiko lile la kambi ya gesi, upande wa pili wa ghuba ya Palma.

Atija aliingia pale kwa majaribio ya miezi mitatu. Shamba lake la mihogo lilikuwa limebaki ndani ya uzio wa kambi, hana pa kurudi na jembe. Akipita majaribio, anaandikwa kazini. Asipopita, basi. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi.

Sasa, Alhamisi, mpishi mkuu, Mestre Cândido, alimwambia atengeneze maganda ya tarte, yale mabakuli ya unga yanayookwa matupu kwanza, kisha yanatiwa krimu ya ndimu. Akamwonyesha unga mezani, akamwambia kwa Kireno, "Ni massa quebrada," akaenda zake. Massa ni unga uliokandwa, hilo tunajua. Quebrada ni iliyovunjika. Atija akautazama unga, kweli unavunjikavunjika, siagi imekaa mabongemabonge. Maskini, akauonea huruma! Akauongezea maji, akaukanda kwa nguvu zake zote mpaka ukalainika kama wa chapati. Akautandika kwenye sahani za bati, akauvuta mpaka ukafika ukingoni, akatia ovenini.

Yakatoka maganda yamenywea, kuta zimeteremka hadi katikati, magumu utadhani vigae.

"Nani kakwambia uukande?" Mestre akafoka.

"Ulisema umevunjika, Mestre. Nikauunga."

Jiko zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Atija hakucheka. Mestre akamweleza kwa hasira: quebrada ni jina tu la unga huu; ukiukanda unakuwa na mvuto, na ukiuvuta, motoni utanywea urudi ulikotoka. Siagi lazima ibaki baridi, vipande vipande, ndipo ganda linafanya matabaka. Akamalizia, "Jumamosi wageni wanakula saa sita na nusu. Ukiharibu, usije Jumatatu."

Jumamosi saa moja asubuhi nilimkuta ametumbukiza mikono kwenye maji ya barafu. Joto la Palma si mchezo, siagi ingeyeyuka vidoleni. Akaipitisha siagi kwenye unga kwa ncha za vidole, akaacha vipande vya ukubwa wa kunde, akanyunyiza maji baridi kidogo kidogo, yatoshe tu unga ushikane. Hakukanda. Niliona mikono yake inavyomwasha kukanda! Akaufunga, akautia kwenye geleira, lile jokofu la jikoni, saa nzima.

Saa mbili na nusu akausukuma, akaulaza kwenye sahani pasipo kuuvuta, akiuteremsha kwa kidole mpaka ukae wenyewe pembeni. Akautoboatoboa chini kwa uma, akarudisha sahani kwenye geleira. Hapo Mestre akaja mbio.

"Tia ovenini sasa hivi! Saa nne naitaka oveni kwa kuku."

"Bado, Mestre. Haujapoa."

"Nimesema sasa!"

Atija akasimama mbele ya mlango wa geleira, kaukinga kwa mgongo. "Nusu saa. Ukiutia sasa utanywea, na atakayefukuzwa ni mimi, si wewe. Basi niache nifukuzwe kwa kosa langu mwenyewe."

Ya salaam! Nilishika sufuria nisiipige chini. Mestre alimkodolea macho, kisha akageuka akaenda kumfokea mtu wa kuku.

Nusu saa ilipotimia, Atija akatandika karatasi juu ya unga, akajaza maharage makavu mpaka ukingoni, yazishikilie kuta, na chini kusivimbe. Oveni ilikuwa moto tayari. Baada ya dakika ishirini akayatoa maharage na karatasi. Kuta zimesimama, lakini chini bado pamepauka, pana unyevu. Akarudisha sahani ovenini bila maharage. Saa nne ikapita, kuku wanangoja, Mestre anatazama saa yake. Mimi nilikuwa nasugua sufuria moja tangu asubuhi.

Akayatoa maganda. Yana rangi ya dhahabu, yamefika ukingoni palepale alipoyaacha.

Mestre akavunja kipande pembeni. Kikalia, kikaachana matabaka mikononi mwake. Akatafuna taratibu.

"Quebrada," akasema. Akamtazama Atija. "Jumatatu, saa kumi na mbili." Akaita kuku waletwe.

Machozi yalimtoka Atija, akayafuta kwa kiwiko maana vidole vina unga. Mimi, kwa furaha na uchizi wangu, nikaibeba ile trei ya maharage yaliyoungua nikayatupe, kama nilivyoyatupa maganda ya Alhamisi.

"Wee Ancha!" akaniita. "Usiyamwage hayo. Ya Jumatatu."