Wembe na Aya ya Tatu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi wa kola katika kiwanda cha sare za shule. Kiwandani wanamwita Wembe, kwa sababu kipande cha wembe hakimtoki mkononi. Si kwamba ni mkali. Ni mpole mpaka anaudhi. Akiona mwenzake ameshona ovyo, hasemi kitu. Analivuta shati, anafumua, anashona upya, analirudisha kimyakimya. Hata mimi mapindo ya mapazia yangu alikuwa akiyafumua na kuyanyoosha nikienda kuchota maji.

Nafasi ya msimamizi wa mstari, yaani wa kundi la mafundi wanaoshona pamoja, ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, aliitaka kuliko kitu chochote. Msimamizi hufanya kazi mchana tu, huondoka zamu ya usiku ikishaanza. Yeye alikuwa zamu ya usiku, na binti yake alishazoea kulazwa na bibi yake. Siku moja mtoto aliamka na homa, akamwita bibi "mama". Wifi alinisimulia hayo huku anacheka, lakini macho hayakucheka.

Tangazo lilitaka barua ya ukurasa mmoja, na ndani yake mwombaji aeleze udhaifu wake mmoja kazini na hatua alizochukua. Alikuja kwangu na rasimu, maana mimi nimekuwa karani wa ofisi maisha yangu yote, barua za kuomba kazi nimezisoma mpaka nikazichoka. Aya ya tatu ilisema: "Udhaifu wangu ni kwamba najituma kupita kiasi."

"Nani kakufundisha huu upuuzi?"

"Kaka yako."

"Kaka yangu hajawahi kujituma hata kidogo, kajuaje? Wifi, hapo umejisifu, tena vibaya. Wamekuuliza pengo, wape pengo."

"Nikilitaja si watanikata?"

"Lipi hilo?"

Alizungusha ule wembe wake. Kisha akasema, taratibu, "Siwezi kumwambia mtu kakosea."

Nikaweka kikombe chini. Huyu alikuwa anaomba kazi ya kuwaambia watu wamekosea! Nusura nimwambie atafute udhaifu mwingine, mdogo mdogo, usiodhuru. Lakini nilimuuliza kwanza kama amefanya lolote, na hapo ndipo yalipotoka. Msichana mmoja ambaye Wembe alikuwa akimrekebishia kola kimyakimya alihamishiwa mstari mwingine, na bunda lake la kwanza la mashati huko lilikataliwa lote. Msichana alilia chooni. Tangu siku hiyo Wembe alimwomba msimamizi wake amwonyeshe namna ya kusema, na sasa shati bovu hulipeleka kwa aliyelishona, humwonyesha mshono, husubiri afumue mwenyewe.

"Basi andika hayo hayo," nikamwambia. "Pengo, hasara yake, ulichofanya, na palipobaki. Usiwapigie magoti. Wala usiseme umepona kabisa, hawatakuamini."

Aliandika. Sentensi ya mwisho ya aya ilikuwa: "Bado inaniwia vigumu kwa walionizidi umri, ila sasa nawaambia." Nikatamani kuifuta. Nikajizuia.

Siku ya usaili alikaa mbele ya meneja na msimamizi wake, aliyekuwa anastaafu. Alinisimulia baadaye, amesimama katikati ya chumba changu, viatu mkononi. Meneja aliisoma ile aya kwa sauti, akavua miwani.

"Nitajie wa mwisho uliyemrudishia kazi."

Akasema ni mama anayeshona vifungo, mkubwa kwake kwa miaka mingi, na kwamba mama huyo alimnunia mpaka kesho yake.

"Na vifungo?"

"Vilikaa sawa."

Meneja akamgeukia msimamizi. Msimamizi akasema, "Ni kweli, nilikuwepo. Na hilo jina la Wembe unadhani limetoka wapi? Kiwanda kizima kinajua anafumua kazi za watu. Nilitaka kuona kama yeye mwenyewe atakiri."

Waombaji wengine, meneja akasema, wote walikuwa wanajituma kupita kiasi.

Kazi akapewa palepale. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Wifi aliketi sakafuni, akashusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa kiganja. "Leo mtoto namlaza mwenyewe," alisema. Nami nikalia, sifichi. Mzigo ulikuwa umenishuka na mimi.

Nilimwacha apumue, nikarudi kwenye pazia langu jipya. Nilipotoka kuchota maji ya chai nilijua kabisa nitakachokikuta. Nikarudi. Pazia lilikuwa palepale nilipoliacha, na juu yake kuna kile kipande cha wembe.

"Wifi," akasema, akinitazama usoni, "pindo limekwenda upande. Fumua."