Waliokaa Kimya

Ofisini walimwita Mama Takwimu, mjane mwenye ulimi mkali. Utafiti wao uliwauliza wastaafu kama wanasumbuliwa na upweke. Siku ya kuandika ripoti, mkuu wake alikuja akitabasamu.

"Wengi wamesema hawana upweke. Andika hivyo tumalize."

"Wengi wa akina nani, baba?" alimjibu. "Tulipeleka madodoso kwa watu mia nne, yakarudi mia moja arobaini na nane. Hiyo ni asilimia thelathini na saba. Kwenye orodha yetu nusu wanaishi peke yao, lakini kati ya waliojibu, wanaoishi peke yao ni watu ishirini tu. Tumewauliza walioshiba kama kuna njaa!"

Mkuu alinuna. "Sasa tuandike nini?"

"Tuandike wangapi walijibu, na kwamba waliokaa kimya huenda ndio wapweke zaidi."

Mama Takwimu alijaribu kuwapigia simu waliokaa kimya. Wengi hawakupokea. Mzee mmoja alipokea.

"Dodoso lenu liko hapa mezani, mwanangu," alisema. "Swali la kwanza linauliza naishi na nani. Nilifika hapo nikaweka kalamu chini."

Mama Takwimu alimshukuru, akaandika aya ya waliokaa kimya bila kumung'unya maneno, kisha akafunga ofisi.

Nyumbani alifungua mlango, na kama alivyozoea tangu mumewe akiwa hai, akaita, "Hodi!"

Akasubiri kidogo, kisha akaingia.